Balbu Moja, Betri Moja, Waya Mmoja: Andalio la Somo la Saketi kwa Vifaa vya Bei Nafuu

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu wa fizikia, ahsanteni kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie andalio la somo la saketi sahili za umeme, na vyote nitakavyovitaja viko hapa mezani: betri mbili kubwa za tochi, balbu mbili ndogo za tochi, vipande vinne vya waya wa shaba na utepe wa gundi. Mita ya kupimia mkondo haipo, swichi haipo, na kishikio cha balbu nimekificha mfukoni makusudi. Mtaona sababu yake baada ya muda mfupi.

Somo ni la vipindi viwili vinavyofuatana, jumla dakika 80, na wanafunzi wanakaa watatu watatu. Katika dakika hizo nataka mambo mawili tu yaeleweke. La kwanza, balbu ina ncha mbili, na mkondo unahitaji njia kamili: utoke kwenye betri, upite ndani ya balbu, urudi kwenye betri. La pili, mkondo hauliwi na balbu. Kiasi kinachoingia ndicho kinachotoka. Kanuni ya Ohm nimeiacha kwa siku nyingine. Najua wengine mtanung'unika, maana mtihani unapenda hesabu. Lakini mwanafunzi anayeamini kwamba balbu hula mkondo ataikokotoa ile kanuni vizuri kabisa na bado atakuwa haelewi anachokikokotoa.

Na si kwamba nawasingizia wanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Roger Osborne wa Nyuzilandi aliwahoji watoto kuhusu betri na balbu, akawauliza wanadhani nini kinatokea ndani ya nyaya. Majibu yao yaliangukia katika makundi manne. Wapo walioona kwamba waya mmoja unatosha kuuleta umeme, na wa pili ni wa ziada tu. Wapo waliosema umeme unatoka pande zote mbili za betri, unakutana kwenye balbu, na ule mgongano ndio mwanga. Wapo waliosema unatoka upande mmoja, balbu inautumia, na kinachorudi ni masalio. Na wapo waliosema ni uleule unaozunguka. Mtakapoanza somo hili mtawakuta wote wanne darasani kwenu, tena wakati mwingine kwenye dawati moja. Kwa hiyo nililipanga somo ili kila wazo kati ya yale matatu ya kwanza likutane na jambo ambalo haliwezi kulieleza.

Kwanza vifaa, kwa sababu somo hili likiharibika, mara nyingi huharibika dukani kabla ya kufika darasani.

Balbu iwe ile ya zamani yenye uzi ndani. Siku hizi tochi nyingi zina taa za LED, na mwalimu anayezing'oa humo akadhani amepata balbu atajuta. LED hupitisha mkondo upande mmoja tu, na haiwaki mpaka ipate volteji fulani: nyekundu inahitaji karibu volti 2, nyeupe karibu volti 3. Ukiipa betri moja ya volti 1.5 itakaa kimya hata kama mwanafunzi ameunganisha kila kitu sawasawa, naye ataondoka akiamini amekosea. Balbu ya uzi haina ubaguzi huo. Igeuze utakavyo, itawaka.

Soma maandishi yaliyochongwa kwenye shingo ya balbu. Ninayoipendelea ni ya 2.5 V na 0.3 A, ambayo ilitengenezwa kwa tochi ya betri mbili. Ukiiwasha kwa betri moja inatoa mwanga hafifu wa njano unaoonekana vizuri mahali penye kivuli, na kwa betri mbili inang'aa. Balbu za magari za volti 12 ziacheni; kwa volti 3 uzi wake hupata wekundu kidogo tu au haupati kitu. Na nunueni balbu za kundi zikiwa na maandishi yaleyale. Hilo nitalirudia, maana ndilo lenye kesi.

Betri ziwe za kawaida za volti 1.5. Betri za simu na za kompyuta zisiingie kabisa kwenye somo hili, wala betri ya gari, wala umeme wa ukutani. Betri ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kushika moto, na hapa shoti zitatokea, niwaahidi.

Waya wowote wa shaba unafaa. Waya wa simu au wa mtandao una kiini kimoja kigumu na unakaa unapoukunja, hivyo ni mzuri kuliko wenye nyuzi nyingi laini zinazochanguka. Kata vipande vya sentimita 20 hivi, uchune sentimita 2 kila upande. Ila kama umepata waya kutoka kwenye mota au spika ya zamani, tahadhari: ule waya unaong'aa kama shaba tupu umepakwa vanishi ya kuzuia umeme. Macho hayaioni. Usugue ncha zake kwa msasa mpaka rangi ibadilike iwe ya waridi na yenye mikwaruzo. Darasa zima likikwama na kila kitu kinaonekana kimeungwa, angalieni vanishi kwanza.

Sasa tuingie darasani.

Dakika kumi za mwanzo hakuna anayegusa kitu. Kila mwanafunzi anapewa karatasi na kuambiwa hivi: una betri moja, balbu moja na waya mmoja, chora utakavyoviweka ili balbu iwake. Waya mmoja, si miwili. Asiyejua achore anachodhani, na kila mmoja aandike jina lake. Michoro hiyo msiisahihishe. Zikusanyeni, zibandikeni ukutani, zikae hapo mpaka mwisho wa somo.

Mtakayoyaona yanakaribia kufanana kila mahali. Mchoro unaoongoza ni wa betri imesimama, waya umetoka kwenye kichwa chake, na ncha ya waya imegusa kitako cha balbu. Basi. Wa pili ni balbu imekalishwa juu ya kichwa cha betri na waya umening'inia pembeni kama pambo, au umeungwa kutoka chini ya betri kwenda kwenye kile kile kitako. Shingo ya balbu haijaguswa na chochote.

Ndipo wagawieni vifaa na kuwaacha wajaribu, dakika kumi na tano. Hapa ndipo kazi ngumu ya mwalimu ilipo, nayo ni kunyamaza. Msiende na kidole kuonyesha. Kundi likiwasha balbu, msiseme vizuri na kuondoka. Waambieni watafute njia nyingine tofauti, waichore, na wachore pia zile zilizoshindikana. Njia zinazofanya kazi ziko nne tu. Kitako cha balbu kikae kwenye chanya ya betri, na waya uunganishe shingo na hasi. Au kitako kwenye hasi, na waya kutoka shingoni kwenda chanya. Au uilaze balbu, shingo ndiyo iguse chanya, na waya utoke kitakoni kwenda hasi. Au shingo iguse hasi, na waya utoke kitakoni kwenda chanya.

Makundi machache huzipata zote nne bila msaada. Haidhuru. Mkishakuwa na michoro kama kumi ubaoni, mitano ya zilizowaka na mitano ya zilizogoma, liulizeni darasa swali moja: zilizowaka zina nini ambacho zilizogoma hazina? Wapeni muda. Mmoja atasema lazima shingo iguswe. Mwingine atasema lazima pande zote mbili za betri zitumike. Ukiyaunganisha hayo mawili umepata kanuni: sehemu mbili za balbu, ncha mbili za betri, na njia isiyokatika kati yake. Wazo la kwanza katika yale manne limekufa hapo, na limeuawa na michoro yao wenyewe.

Sasa mnajua kwa nini kishikio cha balbu kipo mfukoni. Kishikio ni chombo kizuri, lakini kinaificha shingo na kitako ndani ya plastiki na kutoa skrubu mbili nadhifu. Mwanafunzi ataunganisha nyaya mbili kwenye skrubu mbili, balbu itawaka, na hatakuwa amefikiria chochote. Nakitoa nusu ya pili ya somo, baada ya swali kujibiwa. Asiye nacho azungushe ncha ya waya kwenye shingo ya balbu na kuibana kwa utepe; inatosha.

Kabla ya kuendelea, waonyesheni ndani ya balbu. Ikiwa kioo chake ni safi, mwanafunzi ataona nguzo mbili nyembamba za waya zinazobeba uzi wa tangsteni katikati yake. Ila zinakoishia hakuoni, kwa hiyo mwalimu, peke yake, aiandae balbu iliyoungua: aifunge kwenye kitambaa kizito, aivunje kioo kwa koleo, kisha aifungue shingo taratibu. Nguzo moja imelehemiwa shingoni. Nyingine inashuka mpaka kwenye tone la lehemu pale kitakoni. Kati ya shingo na lile tone kuna pete nyeusi ya kioo au plastiki. Kile kipete, chenye unene wa milimita chache, ndicho kinachoulazimisha mkondo upite kwenye uzi badala ya kukatiza njia. Ipitisheni dawati kwa dawati, imebandikwa kwenye kadibodi ili mtu asikatwe na kioo.

Wakati wa majaribio, lazima kundi fulani litaunganisha waya moja kwa moja kutoka chanya hadi hasi, na mtu atapiga kelele kwamba waya unamchoma. Hiyo ndiyo shoti, na ni fundisho la bure. Waya wa shaba wa sentimita 20 una ukinzani mdogo sana, sehemu chache za mia za omu, hivyo kinachozuia mkondo ni betri yenyewe tu. Betri mpya ya alkali ya ukubwa huu inaweza kutoa ampea kadhaa, zaidi ya mara kumi ya zile 0.3 zinazohitajiwa na balbu. Waya unapata joto, betri inapata joto, na nishati yake inakwisha bila mwanga wowote kuonekana. Waambieni wazi tangu mwanzo: ukihisi joto, achia. Msiwaruhusu kutumia vipande vyembamba vya karatasi ya alumini kama waya katika hatua hii, maana hivyo hupata moto haraka na vinaweza kuunguza kidole.

Nusu ya pili ya somo ndiyo yenye utajiri, na humo ningependa nikae kidogo.

Betri mbili zinabanwa pamoja kwa utepe, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, tupate volti 3. Kundi linawasha balbu moja, linakariri mwangaza wake. Kisha mwalimu anachora ubaoni balbu mbili katika mfululizo, moja nyuma ya nyingine, anaziita ya kwanza na ya pili kuanzia upande wa chanya, na anauliza: ipi itawaka zaidi? Kila mtu anaandika jibu lake kwenye daftari kabla ya mtu yeyote kugusa waya. Msikubali jibu la kunyanyua mikono peke yake, kwa sababu mikono hufuata mkono wa yule anayesifika darasani.

Wengi watasema ya kwanza, maana inapata umeme ukiwa bado mwingi, na ya pili inabakiziwa. Wanaunganisha. Balbu zote mbili zinawaka sawasawa, kila moja hafifu kuliko ile ya peke yake.

Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema. Sasa niwaeleze kinachotokea darasani. Katika kundi moja au mawili, balbu hazitawaka sawa. Moja itang'aa, nyingine itabaki na wekundu, au itaonekana imekufa. Na kama ile inayong'aa imetokea kuwa ya kwanza, basi kundi zima litashangilia kwamba balbu ya kwanza imekula mkondo, tena wana ushahidi mkononi. Kilichotokea ni kwamba balbu hazikuwa pacha. Pengine moja ni ya 0.3 A na nyingine ya 0.5 A. Katika mfululizo zinapitisha mkondo uleule, na mkondo wa 0.3 unaoutosha uzi mwembamba hauwezi kuupasha vya kutosha uzi uliotengenezewa 0.5. Hata balbu zenye maandishi sawa hutofautiana kidogo, hasa moja ikiwa mpya na nyingine imetumika sana.

Mwalimu asiyejua hili hujitetea kwa kusema vifaa ni vibovu, na mwanafunzi anaondoka na imani yake ile ile. Dawa ni rahisi na haina gharama: badilisheni nafasi. Iliyokuwa ya kwanza iwe ya pili, na ya pili iwe ya kwanza, nyaya zote zikibaki zilivyo. Kama mkondo unaliwa njiani, mwangaza mkubwa utabaki kwenye nafasi ya kwanza. Kama tofauti ni ya balbu zenyewe, mwangaza utahama pamoja na balbu. Utahama. Kisha wageuze betri, chanya ikae ilipokuwa hasi, ili ya kwanza igeuke kuwa ya pili bila hata kuihamisha. Hakuna kitakachobadilika. Kwa maoni yangu hilo kundi lenye balbu zisizolingana ndilo lililojifunza zaidi siku hiyo, na siku hizi kila darasa huwa nachomeka jozi moja isiyolingana makusudi, naitaja mwishoni. Jozi moja tu. Mbili zinaleta fujo.

Yupo mwanafunzi mkaidi, na ana haki ya kuwa mkaidi, atakayesema: mwangaza ni kitu kimoja, mkondo ni kingine, nionyeshe mkondo. Mita haipo, lakini dira ndogo ipo. Hans Christian Ørsted aliona mwaka 1820 kwamba waya wenye mkondo unageuza mshale wa dira, na sisi tunatumia hilo hilo. Chukua waya wenye ngozi wa urefu wa mita moja hivi, uuzungushe kwenye dira mara tano, juu na chini, kisha ugeuze dira mpaka mizunguko ilale sambamba na mshale unaoelekea kaskazini. Bandika utepe mwekundu kwenye mwisho mmoja wa waya ili usiuchanganye na mwingine. Betri zikae mbali, sentimita 30 au zaidi, kwa kuwa maganda yake mara nyingi ni ya chuma na yanavuta mshale.

Chomeka dira hiyo kati ya chanya na balbu ya kwanza, mwisho mwekundu ukitazama chanya. Mshale unageuka, weka alama ya kalamu pale ulipofika. Ihamishe kati ya balbu mbili, huku mwisho mwekundu ukiendelea kuwa wa kwanza kufikiwa unapofuata njia kutoka chanya. Halafu ihamishie baada ya balbu ya pili. Mara zote tatu mshale unafika kwenye alama ile ile, na upande ule ule. Ulinganifu wa alama unajibu wanaosema mkondo unaliwa. Upande mmoja wa mgeuko unajibu wanaosema umeme unatoka pande mbili na kugongana, kwa maana kama ndivyo, mshale ungepinduka upande wa pili tulipovuka balbu. Ukipata tofauti ndogo, angalia kama dira imesogea au koili imepinda. Kosa huwa hapo.

Swali linalofuata ni la halali kabisa: kama mkondo hauliwi, betri inaisha kwa nini? Natumia mfano mmoja, wa mnyororo wa baiskeli. Mguu unasukuma pedali, mnyororo wote unasogea kwa pamoja, gurudumu linazunguka. Pingili zinazofika nyuma ni zile zile zinazorudi mbele, hakuna inayopungua, lakini anayepiga pedali anachoka. Kinachosafirishwa ni nishati, na mnyororo ni chombo chake. Mfano huu una mpaka wake: kwenye waya hakuna pingili zinazovutana, na elektroni hujisogeza polepole mno, chini ya milimita moja kwa sekunde katika saketi kama yetu. Lakini unaeleza vizuri pia kwa nini balbu inawaka papo hapo unapounga waya. Mnyororo hausubiri pingili ya mbele ifike nyuma ndipo gurudumu lianze.

Niwape na hesabu ya jozi hii, kwa ajili yenu walimu, msiende nayo darasani siku hiyo. Tuchukue kwamba betri ni nzuri na zinashikilia volti 3. Balbu moja ya aina hii hupitisha karibu ampea 0.33, hivyo uzi wake una ukinzani wa karibu omu 9. Ukiweka mbili katika mfululizo, kila moja inapata volti 1.5. Mwanafunzi mwerevu atasema mkondo utakuwa nusu, 0.165. Ukipima utapata karibu 0.23. Hapo mwalimu mgeni huanza kutoa jasho. Sababu ni kwamba uzi uliofifia una joto dogo, na tangsteni yenye joto dogo ina ukinzani mdogo. Kila balbu sasa ina omu 6.5 hivi badala ya 9. Ikiwa baridi kabisa, ina kama omu moja tu. Ndiyo maana siitumii balbu kufundishia kanuni ya Ohm. Siku ya kanuni hiyo natafuta vikinzani vya kawaida, balbu nakaa nayo mbali.

Kuhusu saketi sambamba nitapita haraka, kwa kuwa inastahili kipindi chake. Katika somo hili naigusa kwa dakika kumi: balbu mbili, kila moja na njia yake hadi kwenye betri. Kitabu kinasema kila moja itawaka kama ilivyokuwa peke yake. Kwa betri mpya za alkali ni kweli kwa jicho. Kwa betri za bei ya chini za zinki na kaboni, au zilizochoka, mtaona zote mbili zinafifia kidogo unapounga ya pili, na ukiiondoa ile moja inarudi kung'aa. Betri ina ukinzani wake wa ndani. Mkondo unapokaribia kuwa maradufu, volteji inayopotea ndani ya betri nayo inaongezeka vivyo hivyo, na balbu zinapata pungufu. Msilifiche hilo. Semeni wazi kwamba kitabu kinazungumzia betri isiyochoka, na hii ya kwetu inachoka.

Georg Ohm mwenyewe alisumbuliwa na jambo hilo hilo. Alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Koloni, akajitengenezea vifaa vyake, na betri za kikemikali za wakati wake zilimyumbia kila alipopima. Ilibidi aziache, atumie kiungo cha shaba na bismuthi, upande mmoja ukiwa kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu, ndipo akapata chanzo kilichotulia. Matokeo yake makuu aliyachapisha mwaka 1827.

Kwa hiyo kabla ya somo zijaribuni betri, na msizijaribu kwa mita peke yake. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti 1.4 ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka mara tu inapounganishwa na balbu. Iwasheni balbu kwa nusu dakika na kuitazama. Mwanga unaodidimia unasema betri hiyo ibaki nyumbani. Na zile za zinki na kaboni zikipumzishwa hurudisha nguvu kidogo, ndiyo maana kundi litakuambia betri yetu imepona. Haijapona.

Dakika za mwisho wanafunzi wanarudi kwenye michoro yao ya mwanzo ukutani. Kila mmoja anaurekebisha wa kwake kwa kalamu ya rangi nyingine, bila kufuta ule wa kwanza, na anaandika sentensi moja ya sababu. Hizo ndizo nazisahihisha, nazo hunipa picha kamili zaidi kuliko zoezi la kujaza nafasi.

Halafu kuna swali la kupima uelewa, ambalo leo nawapa ninyi. Balbu tatu pacha. Balbu A iko peke yake kwenye njia kuu, kisha njia inagawanyika mbili, B upande mmoja na C upande mwingine, halafu zinaungana na kurudi kwenye betri. Nikiifungua C na kuitoa, A itakuwaje, na B itakuwaje? Andikeni majibu kwenye karatasi kwanza, pande zote mbili, na sababu. Nimeshaona wengine mnamtazama jirani.

Wengi hujibu kwamba A haibadiliki, kwa kuwa iko mbele na mkondo unaifikia kabla ya kugawanyika. Hilo ni wazo la tatu la watoto wa Osborne, limevaa suti. Saketi nzima hubadilika kwa pamoja. C ikitoka, njia zimepungua, ukinzani wa jumla umeongezeka, mkondo unaotoka kwenye betri umepungua, na A inafifia. Lakini B, ambayo ilikuwa inapata kipande kidogo cha volteji na nusu tu ya mkondo wa A, sasa inagawana volteji sawa kwa sawa na A na kupitisha mkondo wake wote. Inang'aa zaidi. Vifaa viko kwenye masanduku nyuma yenu, betri mbili na balbu tatu kwa kila kundi. Ungeni, toeni C, mtazame B.